Sheria Moja, Lugha Mbili: Kiswahili na Kiingereza Vikigongana, Tunafuata Kipi?

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sheria, wasaidizi wa kisheria, makarani, na watu wenye kesi zao ambao wameshika nakala mbili za sheria ileile na kuona hazisemi kitu kimoja. Majibu yanahusu zaidi Tanzania, na Kenya inaingia kwa sababu huko kanuni iko kinyume.

Nipeni jibu la haraka: kipi kina nguvu, Kiswahili au Kiingereza?

Hakuna jibu moja kwa sheria zote. Swali linalofaa kuulizwa kwanza ni hili: sheria hii ilipitishwa kwa lugha gani? Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ilitungwa kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili ndiyo Katiba, na Kiingereza ni tafsiri yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejisemea yenyewe: Ibara ya 259(2) inaeleza kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kwa sheria za kawaida za Bunge la Kenya, Ibara ya 120(2) haitaji lugha kabisa. Inasema litashinda toleo lililotiwa saini na Rais.

Kwa hiyo mtu wa Tanga na mtu wa Mombasa wanaweza kushika kila mmoja Katiba yake ya Kiswahili, zikafanana kwa karatasi na kwa uzito mkononi, lakini mmoja ameshika sheria yenyewe na mwenzake ameshika msaada wa kuielewa sheria.

Tofauti hizi zipo kweli, au ni mambo ya wanazuoni?

Zipo, tena mahali panapotumika kila siku mahakamani. Chukua Ibara ya 107A ya Katiba ya Tanzania, iliyoingizwa na Marekebisho ya Kumi na Tatu, yaani Sheria Na. 3 ya mwaka 2000. Ibara ndogo ya (2) inataja kanuni ambazo mahakama zinapaswa kuzifuata zinapoamua mashauri ya madai na ya jinai. Aya ya (e) inasomeka hivi:

"kutenda haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka."

Sasa tazama maneno "kupita kiasi". Katika tafsiri ya Kiingereza ambayo hunukuliwa sana kwenye hukumu na hoja za mawakili, maneno hayo hayamo. Ukiirudisha tafsiri hiyo kwa Kiswahili, unapata: kutenda haki bila ya kufungwa na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Maneno mawili tu yamedondoka njiani, na maana imehama.

Kiswahili kinakubali kwamba masharti ya kiufundi yanaifunga mahakama, ila kinakataza kufunga kuliko kiasi. Kamba ipo, isikabe. Kiingereza kile kinaelekea kusema kwamba sharti lolote la kiufundi linalokwamisha haki halina nafasi tena, maana yake kamba ikatwe. Mtu anayesoma Kiingereza peke yake anaweza kabisa kuamini kwamba Katiba imefuta muda wa kukata rufaa, muundo wa hati za madai na ada za kufungua shauri, alimradi yeye anaona haki yake imekwama.

Ajabu ni kwamba Katiba ya Kenya, ambayo Kiingereza chake ndicho asili, inalo wazo la "kupita kiasi" ndani yake katika Ibara ya 159(2)(d), inayohusu jambo hilohilo. Kwa hiyo wasomaji wa Kiingereza wa nchi mbili jirani wanaweza kudhani Tanzania ililegeza masharti zaidi ya Kenya, ilhali anayesoma asili na asili, yaani Kiswahili cha Dodoma na Kiingereza cha Nairobi, anakuta vipimo vinavyokaribiana sana.

Maneno mawili yanaweza kumdhuru mtu mwenye kesi?

Tufuate mfano wa kubuni, hatua kwa hatua. Tuseme mama mmoja ameshindwa kesi ya kiwanja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Uamuzi umetolewa tarehe 3 Machi. Chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, rufaa kwenda Mahakama Kuu hufunguliwa ndani ya siku 45. Ukianza kuhesabu tarehe 4 Machi, siku ya 45 inaangukia tarehe 17 Aprili. Mama anafungua rufaa tarehe 29 Aprili, siku 12 baada ya muda kupita. Tuchukulie pia kwamba hakuna siku za kusubiri nakala za uamuzi zinazoweza kutolewa katika hesabu hiyo.

Upande wa pili unaweka pingamizi la awali kwamba rufaa imechelewa. Anayemwandikia mama hoja zake amesoma Kiingereza tu. Anajibu kwamba muda ni sharti la kiufundi, sharti hilo linakwamisha haki, Katiba inasema mahakama isifungwe nalo, basi pingamizi litupwe. Kwenye karatasi hoja inapendeza, na mtu akiisoma haraka anaweza hata kuona inatosha.

Jaji akifungua Katiba ya Kiswahili, hoja inabaki na mguu mmoja. Swali si tena kama sharti linakwamisha haki. Swali ni kama kumdai mtu afuate muda wa siku 45 ni kumfunga kupita kiasi, hali sheria hiyohiyo imempa mlango wa kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu ya msingi. Mlango upo na yeye hakuupitia. Hapo ni vigumu sana kusema amefungwa kupita kiasi.

Njia iliyokuwa inamfaa ni kuomba kwanza Mahakama Kuu imwongezee muda, kwa maombi yanayoambatana na kiapo kinachoeleza kila siku kati ya zile 12 ilikwendaje: alilazwa kuanzia lini hadi lini, alipata nakala tarehe gani, alimwona mwandishi wa hati siku gani. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba kila siku ya ucheleweshaji ihesabiwe. Aya ya (e) inaweza kumsaidia hata katika maombi hayo, lakini kama kitu kinachoipa mahakama moyo wa kusikiliza, si kama shoka.

Nimeshika mikononi hati za aina hii zaidi ya moja. Karibu zote zilinukuu Katiba kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno "kiasi".

Mahakama ya Rufani imeisomaje aya hiyo?

Kwa kipimo kilekile cha Kiswahili. Katika Maombi ya Madai Na. 100 ya 2004, yaliyohusu Halmashauri ya Mji wa Shinyanga, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba aya ya (e) ichukuliwe kama mwongozo wa utendaji wa mahakama, na si amri ya chuma inayozizuia mahakama kuzingatia kanuni njema za utaratibu ambazo zikitumiwa vizuri huinua ubora wa haki inayotolewa. Tangu hapo msimamo huo umerudiwa mara nyingi.

Baadaye, mwaka 2018, sheria zilirekebishwa kuingiza kile ambacho mawakili wetu wanakiita kanuni ya oksijeni, inayozitaka mahakama zilenge kutatua mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Nayo pia watu waliipokea kama ruhusa ya kupuuza utaratibu, na mahakama zikalazimika kurudia somo lilelile.

Hiyo ni aya moja. Kuna mfano mwingine?

Upo jirani kabisa. Aya ya (d) ya ibara hiyohiyo inazitaka mahakama "kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro". Kiingereza chake kinazungumzia utatuzi wa migogoro kwa jumla. Usuluhishi ni namna moja ya utatuzi: watu wanakaa, anakuwepo mtu kati, wanapatana. Hukumu nayo hutatua mgogoro, lakini hakuna mtu anayeiita usuluhishi. Kwa hiyo Kiingereza ni kipana na Kiswahili ni chembamba, na Kiswahili ndicho chenye maana zaidi hapa, kwa sababu kuiambia mahakama ikuze utatuzi wa migogoro ni kumwambia mvuvi akuze uvuvi. Ndiyo kazi yake tayari.

Neno lenyewe "usuluhishi" lina mtego mwingine ambao umewakwaza wengi. Katika mambo ya kazi tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale usuluhishi ni hatua ya kwanza, ambapo msuluhishi huwasaidia mwajiri na mfanyakazi wapatane bila kuwaamulia. Wakishindwa, shauri huenda hatua ya uamuzi, ambapo mwamuzi anatoa tuzo inayowafunga. Lakini sheria ya mwaka 2020 inayosimamia mashauri ya kibiashara yanayopelekwa kwa mwamuzi nje ya mahakama, ambaye tuzo yake inawafunga wahusika, kwa Kiswahili inaitwa Sheria ya Usuluhishi. Yaani neno lilelile, kwenye sheria moja ni kupatanishwa, kwenye nyingine ni kuamuliwa. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili. Ukikuta "usuluhishi" katika sheria au mkataba, uliza mapema: huyu mtu wa kati ana mamlaka ya kuniamulia, au hana?

Kila tofauti ni mgongano?

Hapana. Kiswahili kinasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, Kiingereza cha sheria za zamani humtaja mwanamume tu. Hapo hakuna mgongano, kwa sababu sheria zinazoongoza namna ya kufasiri sheria zinaeleza kwamba kutajwa kwa jinsi moja kunajumuisha na nyingine. Vivyo hivyo, Kiswahili cha sheria mara nyingi huamuru kwa kutumia wakati ujao tu: "Waziri atachapisha", "mwombaji atawasilisha". Msomaji wa kawaida anaweza kuona ni utabiri, kumbe ni wajibu. Ukiona "anaweza", ndipo kuna hiari.

Mgongano upo pale ambapo ukifuata toleo moja unapata jibu hili kwa mtu huyuhuyu mwenye mambo hayahaya, na ukifuata jingine unapata jibu tofauti. Ule wa "kupita kiasi" umefika hapo. Kama matoleo mawili yanaweza kusomwa pamoja bila moja kuliua lingine, majaji huyasoma pamoja kwanza. Kanuni ya kipi kishinde ni ya mwisho kutolewa sandukuni.

Vipi kuhusu sheria za kawaida za Tanzania, zile zilizoandikwa kwa Kiingereza?

Sehemu kubwa ya sheria zetu ilitungwa kwa Kiingereza, hata zile zilizojadiliwa bungeni kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni. Lugha ya sheria inashughulikiwa na kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kifungu hicho kilibadilishwa na Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kikaongezwa kifungu cha 84A kinachokifanya kuwa lugha ya mahakama na mabaraza. Ndiyo maana sheria za karibuni, kama Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya 2024, zimetoka kwa Kiswahili.

Ushauri wangu hapa ni wa kikarani: usikinukuu kifungu cha 84 kwa kichwa wala kutoka kwenye kitabu cha chuo cha kabla ya 2021. Kifungue katika toleo la urekebu linalotumika siku ya shauri lako, usome kijifungu kinachotaja mgongano wa lugha neno kwa neno, na uangalie namba za vifungu, maana toleo jipya linaweza kuzihamisha.

Halafu kuna jambo linalosahauliwa. Tafsiri nyingi za Kiswahili zinazozunguka mitaani, vile vijitabu vya lugha nyepesi vya ardhi, mirathi na ndoa, hazikutangazwa kwenye Gazeti la Serikali kama sehemu ya sheria. Kijitabu kikipingana na sheria, hakuna hata mgongano wa kuamua. Sheria ni moja, na kijitabu kimekosea au kimefupisha.

Kwenye muswada wa Kiingereza kuna kurasa za Kiswahili nyuma. Je, hizo si toleo la Kiswahili la sheria?

Si toleo. Hizo ni "Madhumuni na Sababu", maelezo ya serikali kuhusu kwa nini inaleta muswada. Zinasaidia kujua nia, lakini Bunge halipitishi maelezo hayo kuwa sheria, na muswada ukibadilishwa katika Kamati ya Bunge Zima maelezo yanaweza kubaki yakisifu kifungu ambacho hakipo tena. Ni hivyohivyo kwa alichosema waziri kwa Kiswahili wakati wa mjadala.

Kesi ikiendeshwa kwa Kiswahili, sheria ya Kiingereza nayo inageuka Kiswahili?

Haigeuki. Lugha ya mahakama na lugha ya sheria ni vitu viwili. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo amekuwa akiendesha kesi kwa Kiswahili miaka yote huku sheria kadhaa alizozitumia ziko kwa Kiingereza. Anapoandika hukumu na kuweka kifungu kwa Kiswahili, hiyo ni tafsiri yake yeye. Ikiwa rufaa yako inategemea neno moja alilolitafsiri, rudi kwenye maandishi yaliyopitishwa na uonyeshe neno hilo lilipopotea. Kosa la tafsiri lililozaa uamuzi mbaya ni sababu halali ya rufaa, na ni bora uiseme wazi hivyo kuliko kulalamika tu kwamba hakimu hakuelewa.

Mimi niko Kenya. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa nini basi kishindwe?

Kwa sababu kuwa lugha rasmi hakumaanishi kuwa lugha ya asili ya kila hati. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Ibara ya 120(1) inaruhusu Bunge kutumia Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Lakini kwa Katiba yenyewe, Ibara ya 259(2) imekwisha kuamua kwamba Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Ukiwa na hoja ya kikatiba, soma Kiswahili ili uelewe na nukuu Kiingereza ili ushinde.

Kwa sheria za Bunge mlango haujafungwa. Ibara ya 120(2) inafuata saini. Siku Rais wa Kenya akitia saini sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili kitashinda, na tafsiri ya Kiingereza itakayofuata itakuwa mfuasi. Kinachokipa Kiingereza ushindi leo ni desturi ya kuandika miswada kwa lugha hiyo.

Nitajuaje nakala niliyonayo ndiyo iliyopitishwa?

Tazama mwanzo na mwisho wake. Sheria iliyopitishwa ina namba na mwaka wake, tarehe ya kuridhiwa na Rais, na maneno ya kutunga, ambayo kwa Kiswahili husema imetungwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nakala inayoanza kwa utangulizi wa mfadhili, au yenye maneno "tafsiri isiyo rasmi" chini ya jalada, si hiyo. Nakala ya mtandaoni isiyo na tarehe ya kuridhiwa ichukue kwa tahadhari, kwa sababu inaweza hata kuwa muswada.

Nimegundua tofauti na ina maana katika kesi yangu. Niiweke vipi kwenye hoja?

Weka maandishi mawili kwenye ukurasa mmoja, asili juu na tafsiri chini, ukipigia mstari neno linalotofautiana. Onyesha sheria ilipitishwa kwa lugha gani, kisha taja kanuni inayokupa haki ya kufuata lugha hiyo. Baada ya hapo onyesha jibu linavyobadilika. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka. Jaji akiona kwamba kwa matoleo yote mawili ungeshindwa vilevile, hatahangaika na lugha.

Na ikiwa tofauti inakuumiza wewe, usiifiche kwa kunukuu tafsiri inayokufaa. Wakili wa upande wa pili ana Katiba ya Kiswahili kwenye simu yake.

Na mikataba ya lugha mbili?

Huko kanuni hizi haziendi. Wahusika huandika wenyewe kifungu kinachosema lugha ipi itafuatwa. Kama mkataba wako wa ajira au wa pango una lugha mbili na kifungu hicho hakimo, omba kiandikwe kabla hujatia saini.